Nimesahau kidonge cha mchana, nimeze viwili usiku?

*Shikamoo mama mfamasia. Mimi ni mama ntilie hapa Tanga, nina miaka 34. Jumatatu nilikwenda zahanati kwa kikohozi na homa, kifua kinachoma nikivuta pumzi. Tabibu akasema ni nimonia, ila si kali, akanipa amoksilini ya miligramu 500, kapsuli 15, bahasha imeandikwa 1x3 siku 5. Ya kwanza nilimeza siku ileile saa 12 jioni. Jumanne nikameza saa 11 alfajiri, ya mchana ikanipita maana nilikuwa sijala, na mimi sili mpaka wateja waishe. Nikarudi nyumbani saa 3 usiku, nikameza mbili kufidia. Jumatano nikameza ya alfajiri tu. Mchana ikapita tena, usiku usingizi ukanichukua. Leo Alhamisi saa 11 alfajiri jirani kaniambia nimeze tatu nisije nikadaiwa, nikameza. Sasa tumbo linasokota, nimeharisha mara mbili. Homa imepungua lakini haijaisha. Je, nimejidhuru? Ninunue nyingine nianze dozi upya? Na nikisahau tena nifanyeje?*

*Mwanao, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi nilikutumia Alhamisi ileile ili kidonge cha mchana kisikupite tena. Hapa nakueleza kwa kirefu, kwa sababu barua kama yako huwa napokea nyingi, na karibu zote zina neno hilohilo la kufidia.

Nianze na tumbo. Kapsuli tatu kwa mpigo ni miligramu 1500. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima hiyo si sumu. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia miligramu 1000 kila wanapomeza. Ila si dawa yote inayoingia kwenye damu. Nyingine hubaki kwenye utumbo, ikawavuruga bakteria wazuri wanaoishi humo, na ndiyo sababu ya tumbo kusokota na kuharisha. Kunywa maji ya kutosha, changanya na pakiti ya ORS kama choo kinaendelea kuwa majimaji. Ukiona damu kwenye choo, au ukaharisha mfululizo, rudi zahanati. Na ukitokwa na vipele mwilini vya kuwasha, midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana ghafla, usimeze kapsuli nyingine hata moja, kimbilia hospitali. Hiyo si habari ya dozi tena, ni mwili kuikataa dawa. Angekuwa ni mtu mwenye ugonjwa wa figo aliyemeza tatu, ningemwambia aende kuonwa siku hiyohiyo, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja. Jumatatu ulimeza moja, Jumanne tatu, Jumatano moja, Alhamisi alfajiri tatu. Jumla nane. Kama usingesahau hata mara moja ungekuwa umemeza moja Jumatatu, tatu Jumanne, tatu Jumatano na moja Alhamisi alfajiri. Nane vilevile. Kwa macho ya jirani yako hesabu imetimia, deni limelipwa, hakuna tatizo.

Tuhesabu sasa kwa saa. Kutoka Jumatatu saa 12 jioni mpaka Jumanne saa 11 alfajiri ni saa 11. Kutoka hapo mpaka saa 3 usiku ni saa 16. Usiku huo mpaka alfajiri ya Jumatano ni saa 8, na hapo peke yake ndipo ulipopatia. Kisha kutoka Jumatano alfajiri mpaka Alhamisi alfajiri ni saa 24 kamili. Ndani ya saa 59 kabla ya zile kapsuli tatu za Alhamisi, dawa iliingia mwilini mwako mara nne tu. Bakteria wa kwenye mapafu hawajui hesabu ya kapsuli zilizobaki kwenye bahasha. Wao wanajua kama dawa ipo sasa hivi au haipo.

Hili ndilo ninalotaka ulielewe vizuri, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kukariri kanuni yoyote. Amoksilini ni ndugu wa penisilini, na dawa za ukoo huu hufanya kazi moja: humzuia bakteria kujenga ukuta unaomzunguka. Bakteria anapokua na kujigawa lazima ajenge ukuta mpya; akishindwa, anapasuka. Lakini yule ambaye kwa wakati huo ametulia, hajengi chochote, dawa inampita hivihivi. Kwa hiyo inabidi dawa iwepo kwenye damu kwa muda wa kutosha ili kila mmoja, zamu yake ya kujenga ikifika, aikute. Ikishafika kile kiwango cha kuua, kuiongeza maradufu hakuwaui haraka zaidi. Kinachotakiwa ni muda. Kwa ukoo wa penisilini, madaktari hutaka kiwango hicho kidumu kwa karibu nusu ya saa zilizopo kati ya dozi moja na inayofuata.

Na amoksilini haikai. Kwa mtu mwenye figo nzima, kila baada ya saa moja hivi nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huwa imeshatoka, na sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo ikiwa bado ni dawa nzima. Penisilini yenyewe ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1941, kule Oksford nchini Uingereza, askari polisi mmoja aliyeitwa Albert Alexander alikuwa kati ya wagonjwa wa kwanza kabisa kutibiwa kwa penisilini. Dawa ilikuwa haba mno, hata madaktari wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja dawa humo na kumdunga tena. Alianza kupata nafuu, homa ikashuka. Kisha dawa ikaisha kabla bakteria hawajaisha, ugonjwa ukarudi, akafariki mwezi wa Machi. Huwa namkumbuka mzee huyo kila mtu anaponiambia amemeza za siku nzima kwa mara moja ili ashinde kazini bila usumbufu.

Tuje kwenye kumeza mbili. Tuseme kapsuli moja inafikisha dawa kwenye damu kiwango cha 8, na kiwango cha kuua bakteria wako ni 1. Namba hizi nimezirahisisha, kwani bakteria hawafanani, lakini haziko mbali na hali halisi ya amoksilini. Saa moja baada ya kilele, 8 inakuwa 4. Saa ya pili 2. Saa ya tatu 1, na hapo nguvu inaishia. Ukijumlisha na muda wa kupanda, kapsuli moja imekulinda kama saa 4. Sasa meza mbili. Kilele ni 16. Saa moja baadaye ni 8, halafu 4, halafu 2, halafu 1. Hesabu mwenyewe: kapsuli ya pili imekununulia saa moja tu ya ziada. Saa moja, mwanangu. Ungeimeza peke yake kwa wakati wake ingekupa saa 4. Na ile ya tatu ya Alhamisi haikukuongezea hata saa nzima, ila kwa tumbo lako ilikuwa mzigo kamili.

Ukichukua kipimo hicho cha saa 4 kwa kapsuli moja na saa 5 kwa mbili, katika zile saa 59 ulikuwa na ulinzi wa saa 17 hivi. Hiyo ni chini ya theluthi. Ungemeza moja moja kila baada ya saa 8 ungekuwa karibu na nusu, na nusu ndiyo aliyoitaka tabibu alipoandika 1x3. Wewe unapika maharage kila siku, unajua moto ukizimika saa mbili katikati huwezi kuyaokoa kwa kumwaga mkaa wa debe zima mwishoni. Utaunguza chini ya sufuria, na maharage yatabaki magumu.

Hebu niseme na jambo ambalo si kosa lako. Kwenye bahasha huwa tunaandika 1x3, na dirishani tunasema "kutwa mara tatu". Sikiliza hilo neno. Kutwa ni tangu kunapokucha mpaka jua linapozama. Ndiyo maana tukitaka kusema mchana na usiku tunasema kutwa kucha. Mgonjwa anayeambiwa kutwa mara tatu anafanya anachoambiwa: anameza asubuhi na chai, mchana na ugali, jioni na chakula cha usiku. Saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Hapo ameacha saa 5, kisha saa 6, kisha saa 13 za usiku, na nyingi kati ya hizo hana dawa ya kutosha mwilini. Hakusahau hata kidonge kimoja, na bado sehemu kubwa ya usiku bakteria wanajenga kuta zao kwa raha. Kwa antibaiotiki, 1x3 maana yake ni kila baada ya saa 8, na ningependa sisi wa dirishani tuandike hivyo kwenye bahasha, kwa kalamu, pamoja na saa zenyewe.

Bahati nzuri saa yetu ya Kiswahili inarahisisha kazi hii. Dawa ya mara mbili kwa siku ina namba moja tu ya kukumbuka: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Dawa ya mara nne ina mbili: saa 12 na saa 6, mchana na usiku. Na ya mara tatu unatoa nne nne: ukianza saa 12 asubuhi, inayofuata ni saa 8 mchana, kisha saa 4 usiku.

Kwako wewe saa 8 mchana haifai, na saa 7 ndiyo mbaya kabisa, maana hapo una foleni ya wateja na mikono imejaa. Kwa saa ulizoniandikia, naona unaamka alfajiri kuwasha moto. Basi panga hivi: saa 10 alfajiri unapoamka, saa 6 mchana kabla watu hawajaanza kukaa kwenye mabenchi, na saa 2 usiku unapohesabu mauzo au kufunga vyombo. Kumi, sita, mbili. Kati ya kila moja na nyingine ni saa 8 zilizokamilika, na hakuna hata moja inayokukuta umelala. Weka kengele ya simu kwa ile ya saa 6 na ya saa 2; ya alfajiri itakumbushwa na jiko. Beba kapsuli mbili za siku kwenye kikasha kidogo kikavu ndani ya mkoba wa pesa, si juu ya kabati karibu na jiko, kwa sababu joto na mvuke huiharibu dawa. Mwenzangu mmoja wa dirishani huwa anawaambia wagonjwa waweke alama kwenye bahasha kila wanapomeza, na mimi nimeiga, maana wengi wanaomeza mbili hawakutaka kufidia. Walikuwa hawakumbuki tu kama walishameza.

Na sasa lile lililokuangusha kweli. Hukusahau dawa, mwanangu. Uliikumbuka, ukaisubiri ikukute umekula. Tumelelewa kwamba dawa haimezwi na tumbo tupu, na kwa baadhi ya dawa, kama zile za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, ni kweli kabisa. Amoksilini haina sharti hilo. Chakula hakiipunguzi wala hakiiongezi kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Meza na glasi ya maji uendelee kupakua wali. Ikikuletea kichefuchefu, kipande cha muhogo au nusu chapati inatosha. Zipo antibaiotiki ambazo hata zinataka tumbo tupu, kama kloksasilini na mchanganyiko wake na ampisilini, zile ambazo wengi wanazimeza katikati ya mlo wakidhani wanafanya vizuri. Kwa hiyo ukipewa dawa uliza swali hili dirishani kabla ya kuondoka: nimeze kabla ya kula, baada ya kula, au vyovyote?

Utasahau tena, hilo tusidanganyane. Chukulia leo kengele ya saa 6 imelia ukiwa unabishana chenji na mteja, ukaizima. Ukikumbuka saa 8, meza moja hapohapo, na ile ya usiku ibaki saa 2. Ukikumbuka saa 10 jioni, hapo umefika katikati, zimebaki saa 4. Bado unaweza kumeza moja na ya usiku ukaimeza saa 2 kama kawaida. Ukikumbuka saa 12 jioni, umechelewa. Zimebaki saa 2 tu. Hiyo ya mchana iache, subiri saa 2 usiku umeze moja. Moja, si mbili. Ya mchana imeshapita na huwezi kuirudisha. Unachoweza kufanya ni kulizuia pengo lisizidi hapo. Mpaka wa saa 4 ndio wa kushika kwa dawa ya mara tatu: kati ya kumeza na kumeza zisipungue saa hizo. Ukishtuka saa 7 usiku ukagundua umelala bila kumeza ya saa 2, meza moja ulale, na ile ya alfajiri isogeze mpaka saa 11 au saa 12 ili zipite saa 4 au zaidi, kisha siku iliyobaki irudi kwenye mstari wake.

Kwa dawa ya mara mbili kwa siku mpaka unakuwa saa 6, yaani nusu ya njia. Ya mara moja kwa siku unameza wakati wowote utakapokumbuka siku hiyo, na ikiwa imeshafika siku ya pili, unameza ya siku hiyo tu. Na kama umemeza halafu ukatapika kabla ya nusu saa kupita, meza nyingine, maana ile imetoka nayo. Zikipita dakika zaidi ya hizo, iache, subiri wakati mwingine.

Usinunue nyingine uanze upya. Kuanza upya kungekuwa na maana kama bakteria nao wangerudi kule walikoanzia, na wako hawakurudi. Homa yako imepungua, kwa hiyo wengi wao walikufa hata kwa dozi yako iliyokatikakatika. Waliobaki ndio wa kumalizia. Mtu akipitwa na kidonge kimoja, anaendelea tu, na kile kitakachobaki mwishoni anakimeza kwenye zamu inayofuata mpaka bahasha iwe tupu. Hakiwekwi kabatini kumsubiri mtoto aanze kukohoa. Lakini aliyekaa saa 24 kwa kapsuli moja, kama wewe Jumatano, anaendelea huku akirudi kuonwa, kwa sababu uamuzi wa kuongeza siku, kubadilisha dawa au kuacha kama ilivyo unataka mtu aliyeweka sikio kwenye kifua. Mimi nikiwa huku kwenye simu siwezi kuusikia mvumo wa mapafu yako. Ndiyo maana nilikuomba Ijumaa uende na bahasha mkononi na umwambie tabibu ukweli wote wa saa. Wagonjwa wengi huona aibu, wakasema "nimemeza zote vizuri". Tabibu akisikia hivyo na homa bado ipo, atadhani dawa imeshindwa, atakuandikia kali zaidi au sindano, kumbe amoksilini haikupewa nafasi.

Nguvu za dawa hizi hazilingani, kwa hiyo usiyachukue maelezo ya amoksilini ukampa jirani mwenye dawa nyingine. Azithromaisini, ile ya siku 3, hubaki ndani ya mwili kwa siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana ni mara moja kwa siku. Doksisaiklini nayo inakaa muda mrefu, kukosa kidonge kimoja hakuachi pengo kubwa kama lako. Lakini atakayemeza mbili za kufidia usiku kwa funda moja la maji na kujilaza, anaweza kuamka na kidonda kwenye umio, kifua kinawaka kila akimeza mate. Dawa za kifua kikuu ziko mbali kabisa na haya yote. Huko aliyekosa hata siku moja asipige hesabu ya kwake, amwambie mhudumu wa kliniki yake, na vilevile kwa dawa za kufubaza virusi.

Kwa wasomaji wenzako wa pwani wanaoniuliza kila Ramadhani inapokaribia: kutoka magharibi hadi alfajiri huku kwetu ni kama saa 11. Kuziingiza kapsuli tatu humo ni kuacha zaidi ya nusu ya siku bila dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mwenye nimonia kama yako asifunge. Kwa ugonjwa mwepesi, mwambie tabibu kabla hajaandika, kwa sababu kwa baadhi ya maradhi ipo dawa ya mara moja au mara mbili inayokaa vizuri kwenye futari na daku. Kubana dozi mwenyewe nyumbani ndiko kusikofaa.

Turudi kwako. Alhamisi alfajiri bahasha ilibaki na kapsuli 7. Nilikuambia umeze moja saa 7 mchana, moja saa 2 usiku, na kuanzia Ijumaa ufuate kumi, sita, mbili. Ijumaa zinakwenda tatu, zinabaki mbili. Jumamosi moja saa 10 alfajiri na ya mwisho saa 6 mchana, kama tabibu hajaongeza nyingine. Kufikia hapo homa inatakiwa iwe imekwisha na uweze kubeba ndoo bila kuhema. Homa ikipanda tena, ukikohoa damu, ukihema ukiwa umekaa, au kichwa kikianza kuchanganyikiwa, usingoje Jumatatu, nenda hospitali usiku huohuo. Kikohozi chenyewe kisikutishe. Baada ya nimonia kinaweza kubaki wiki kadhaa huku kikipungua, na hakihitaji amoksilini nyingine. Ila kikipita wiki mbili bila dalili ya kupungua, au ukaanza kukonda na kutoka jasho usiku, nenda upimwe makohozi. Na ukae mbali kidogo na moshi wa kuni. Kama una binti wa kukusaidia, jiko la alfajiri mwachie yeye kwa wiki hii.